Usihesabu saa, uliza simu yamfanyia kazi gani: kijana wa Namoruputh na gemu zake

Simu iliingia baada ya sala ya isha. Alikuwa mama mmoja wa Likoni ambaye tunajuana tangu utotoni. Alinisalimu salamu ndefu kama ilivyo desturi yetu, akauliza hali ya nyumbani na ya watoto, kisha akanyamaza. Nikajua kuna jambo.

"Kaka, mwanangu amelewa simu," akasema. "Mjomba wake amemhesabia, ni saa 6 kwa siku. Na nasikia Shirika la Afya Duniani limesema huo ni ugonjwa. Yuko huko huko kwenu Turkana, hebu nenda ukamtazame."

Huko "kwetu" ni kwa mzaha tu. Mimi ni mtu wa Mombasa, ila niliishi Lodwar miaka kadhaa nikifanya kazi ya ushauri nasaha kwa vijana. Nina stashahada ya kazi hiyo, sikusomea udaktari, na hilo msomaji alikumbuke anaposoma haya. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka 15. Mama yake alimpeleka kwa mjomba wake anayesomesha shule ya Namoruputh, kituo kidogo kilichoko Loima, magharibi ya Lodwar, kwenye njia ya kuelekea mpaka wa Uganda. Alimtoa Likoni kwa sababu tunazozijua sote: wakati huo vijana wenye mapanga walikuwa wakisumbua mitaa, na mama mwenye mtoto wa kiume wa rika hilo alikuwa na hofu mbili, mwanawe asikatwe na mwanawe asiwe mkataji.

Nitasimulia kisa hiki kwa idhini yao, nikiwa nimebadilisha mambo madogo madogo ili kijana asitambulike. Nakisimulia kwa sababu kila wiki napata swali lile lile kutoka kwa wazazi wa Pwani: saa ngapi ni nyingi? Kila nikitaka kulijibu naona ndilo swali lililotupoteza njia sisi wenyewe kule Namoruputh, mimi nikiwemo.

Mjomba alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Alichukua simu akaifungia kwenye sanduku. Usiku wa kwanza na wa pili mtoto alikaa kimya. Usiku wa tatu mjomba aliamka kunywa maji akakuta godoro tupu. Walimtafuta kwa tochi hadi wakamkuta madukani, amekaa na mlinzi wa usiku kwenye moto wake, saa 8 za usiku. Hakuwa na simu wala hakuiba kitu, alikuwa amekaa tu. Mjomba akanambia, "Sheikh, huyu ni kama mlevi aliyekosa pombe." Nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali.

Hapo ni vyema tueleze ule ugonjwa alioutaja mama, maana habari yake imefika nusu nusu. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliidhinisha toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Ndani yake mna tatizo la uchezaji gemu, nambari yake 6C51. Ili mtu aambiwe analo, mambo matatu yawe yameonekana kwa pamoja: ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ijapokuwa inamdhuru. Kisha madhara hayo yawe makubwa, nyumbani au shuleni au kwa watu, na kwa kawaida yawe yamedumu kiasi cha miezi 12. Tafuta hapo idadi ya saa, hutaiona. Maelezo ya orodha hiyo kwa waganga yanasema wazi kuwa kucheza sana na mara kwa mara, peke yake, si ushahidi wa maradhi. Kabla yake, mwaka 2013, kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kiliweka dalili 9 kwa ajili ya kuendelea kuchunguzwa, na huko nako saa hazimo kwenye hesabu.

Mtu aweza kusema hayo ni ya wataalamu, mzazi anahitaji kipimo chepesi. Naelewa. Serikali ya Korea Kusini pia ilitaka kipimo chepesi. Mwaka 2011 ilipiga marufuku watoto wa chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa 6 za usiku hadi saa 12 za asubuhi. Baadhi ya watoto wakawa wanaingia kwa majina ya wazazi wao, na wengine wakahamia gemu za simu ambazo sheria haikuzigusa. Mwaka 2021 serikali hiyo ikatangaza kuifuta sheria yenyewe.

Nina mfano wa karibu zaidi. Miezi ile ile niliyokuwa nikienda Namoruputh, nilikuwa nikifika Kakuma pia, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar. Kuna barobaro mmoja pale kambini, wa miaka 17, aliyezaliwa humo humo kwa wazazi waliotoka Sudan Kusini. Jumamosi alikuwa akishinda kwenye kibanda cha gemu tangu asubuhi hadi magharibi, zaidi ya saa 7, na siku nyingine alipita jioni baada ya shule. Ukihesabu saa za wiki, alikuwa karibu sana na yule wa Namoruputh. Lakini mwenye kibanda alimwachia acheze bure kwa kuwa ndiye aliyekuwa akitengeneza vidhibiti vilivyoharibika na kupanga mashindano. Alilala usiku. Mtihani alifanya. Siku kibanda kilipofungwa kwa kukosa umeme alikwenda kucheza mpira na hakuonekana kusumbuka. Kwake gemu ilikuwa mahali pa kuwa mtu wa maana, na mahali pa kuwa mtu wa maana kambini si pengi.

Kwa hakika katika habari ya wakimbizi wa Sudan Kusini kuna mtu ambaye saa zake zingemtia hatiani kabisa. Lual Mayen alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akafikisha dola 300, akamnunulia kompyuta. Umeme haukuwepo, kwa hiyo kijana alikuwa akitembea saa 3 kwenda kuichaji na saa 3 kurudi. Alicheza, akajifundisha, mwishowe akatengeneza gemu yake mwenyewe iitwayo Salaam, ya mtu anayekimbia vita. Simtaji ili kila mzazi aote kwamba mwanawe atakuwa Lual. Wengi hawatakuwa. Namtaja kwa kuwa jirani aliyemwona akiinamia kioo siku nzima hangeweza, kwa kutazama saa tu, kujua anachokitenda.

Basi turudi Namoruputh. Wenye fani hii, wanapotaka kuijua tabia, huuliza inamfanyia mtu kazi gani. Tabia inayojirudia kila siku ina malipo, vinginevyo ingekufa. Malipo hayo huwa ya namna mbili kubwa: ama inakuletea kitu, ama inakuondolea kitu. Gemu yaweza kumletea mtoto wenzake, ikawa ndiyo baraza yake. Yaweza kumletea ushindi, yule ambaye darasani hajapata kuwa wa kwanza. Yaweza kuwa inamwondolea uchovu wa kukaa bure, na Namoruputh baada ya saa 10 za jioni kukaa bure si jambo dogo. Au yaweza kuwa inamwondolea maumivu: hofu, huzuni, kelele za nyumbani, fikira fulani. Hii ya mwisho ndiyo watafiti wameiona mara nyingi ikifuatana na uchezaji wenye madhara. Anayecheza ili apate raha huacha raha ikitosha. Anayecheza ili akimbie jambo hana kikomo, maana akiacha tu jambo lile lipo pale pale likimsubiri.

Nje zote nne zafanana. Kichwa kimeinama, kidole kinakimbia, chakula kinapoa. Ndiyo maana kumtazama hakutoshi, na kumuuliza moja kwa moja "mbona wacheza sana" hakutoi ila jibu moja, "nimezoea tu."

Nilichokifanya ni kununua daftari la kurasa 48 pale madukani na kuomba simu irudishwe. Mjomba hakufurahi. "Wamlipa kwa utundu wake," akanambia, na sikumlaumu. Nikamwomba wiki mbili tu, asizuie wala asikemee, aandike. Kijana naye nikamwambia aandike upande wake, tena nikamweleza kwa nini. Daftari la siri huwa upelelezi, na mtoto aliyegundua anapelelezwa hubadilisha mwenendo. Kila aliposhika simu tuliandika mambo matano: nini kilitokea nusu saa kabla, gemu gani, yuko na nani, aliachaje, na nini kilifuata baada ya kuacha. Saa ziliandikwa pia, lakini pembeni.

Swali la "aliachaje" ndilo watu hulisahau, na ndilo lenye faida kuliko mengine. Kuna tofauti kubwa kati ya aliyeacha mwenyewe kwa kuitwa mpirani, aliyeacha kwa kuwa wenzake wameondoka, na aliyeacha kwa kuwa chaji imekwisha.

Nilikuwa tayari na jibu langu kabla ya daftari kujaa, nalo lilikuwa hivi: mtoto ametolewa kwao, ameletwa mahali wenziwe darasani wanaongea Kiturkana wakiwa mapumzikoni naye hajui neno, basi gemu ndiyo inayomuunganisha na rafiki zake wa Likoni. Jibu zuri, hata lilinipendeza. Na lilikuwa kweli kwa sehemu moja tu.

Wiki mbili zilipokwisha tulikaa watatu chini ya mti kwenye ua wa shule tukafungua daftari. Saa 6 zile zilikuwa vipande vitatu visivyofanana hata kidogo. Kipande cha kwanza kilikuwa cha alasiri, kama saa moja, gemu yoyote, na aliacha mwenyewe akiitwa kuchota maji au kucheza. Hapo hapana tatizo, huo ni uchovu wa jioni. Cha pili kilianza saa 2:30 za usiku hadi kama saa 4: Free Fire, kikosi cha watu wanne, yeye na wenzake watatu wa Likoni, wakisemezana na kucheka. Kilikwisha pale wenzake walipozima, au mtandao ulipokatika, maana huko hushika na kuachia. Hicho ndicho nilichokibashiri. Kingekuwa hicho tu, ningerudi Lodwar na jibu langu.

Kipande cha tatu kilianza saa 4:30 za usiku hadi saa 7, pengine saa 8. Peke yake. Gemu ya mpira isiyohitaji bando, sauti imepunguzwa, mechi baada ya mechi dhidi ya mashine, na yeye mwenyewe akakiri kwamba hata matokeo hakuwa akiyakumbuka. Aliachaje? Chaji ilikwisha, au usingizi ulimchukua simu ikiwa kifuani. Hakuacha mwenyewe hata mara moja. Na haikujali kama siku ile rafiki zake walikuwepo au hawakuwepo. Ingekuwa kiu ya rafiki, siku wasipokuwepo angelikaa akiwangoja au angelilala mapema.

Kati ya siku 14, kipande hiki kilitokea siku 12. Basi nikauliza habari za zile mbili zilizobaki. Hapo nataka msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu sisi hupenda kuzitazama siku mbaya, na mara nyingi jibu limekaa kwenye siku nzuri. Usiku mmoja kati ya hizo mbili, wageni walilala chumbani mwake. Usiku wa pili joto lilizidi, nyumba nzima wakatoa magodoro wakalala uani, kama watu wa Turkana wanavyofanya nyakati za joto. Simu alikuwa nayo usiku zote mbili, na chaji ilikuwepo.

Mjomba ndiye aliyeliona kabla yangu. "Hakuwa peke yake," akasema.

Dhana ikishapatikana lazima ijaribiwe, isiwe imani. Tulibadilisha jambo moja tu na kuacha mengine yalivyo. Usiku 5 alilala uani pamoja na binamu zake, simu iko kando yake, hakuna aliyemkataza. Kisha usiku 2 akarudi chumbani peke yake. Zile 5, simu iliwekwa chini kabla ya saa 5. Zile 2, alicheza hadi saa 7 na nusu. Usiku wa kulala na wenzake haukumgharimu kishindo wala ugomvi. Mlevi aliyekosa pombe hatulii kwa sababu ameletewa jirani wa kulala naye. Na sasa ule usiku wa madukani ukaeleweka: hakwenda kutafuta simu, alikwenda kutafuta mtu aliye macho.

Nilimuuliza tukiwa wawili tu, tukitembea kwenye mchanga wa laga iliyokauka: "Ukizima simu, chumbani kunakuwaje?"

"Kunakuwa kimya," akasema. Baada ya hatua nyingi akaongeza, "Nikifumba macho namuona."

Likoni, miezi mitatu kabla ya kupelekwa Turkana, alishuhudia mtu akikatwa mapanga uchochoroni, usiku, akiwa anarudi dukani. Alijificha nyuma ya tangi la maji mpaka kukanyamaza. Mama yake alimtoa mtaani asije akayaona, naye alikuwa ameshayaona na hakuwa amemwambia, kwa kuogopa kumtia hofu. Mama na mwana, kila mmoja akimlinda mwenziwe kwa kunyamaza.

Kazi ya gemu ile ya usiku ilikuwa hiyo. Mpira wa kwenye simu hujaza macho na vidole, na kichwa kikiwa na shughuli picha haiingii. Nafuu yake ni ya papo hapo, kwa hiyo tabia inalipwa kila usiku na inazidi kukita mizizi. Hasara yake ni mbili. Usingizi unapungua, na mtoto wa rika hili anahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku. Yeye alikuwa akipata 4 au 5, ndiyo sababu ya kusinzia darasani kulikowafanya walimu waseme gemu imemharibu akili. Ya pili ni kwamba jambo linalokimbiwa kila siku halipati kuzoeleka wala kupoa. Linabaki bichi.

Kumbe kumnyang'anya simu kulikuwa ni kumwondolea mtu gongo analolitegemea kabla ya kuutazama mguu.

Dawa ikafuata kazi. Kipande cha alasiri hatukukigusa. Kile cha Likoni nilisisitiza kibaki, ila kiishe saa 4, na nikamwomba mama awaombe wazazi wa wale watatu nao waweke saa hiyo hiyo, maana mtoto hawezi kuwaacha wenzake katikati ya mchezo bila kuonekana msaliti. Nguvu zote tulizielekeza kwenye kipande cha tatu. Binamu mmoja alihamia chumbani mwake. Tuliweka redio ndogo yenye sauti ya chini, kwa sababu kilichomtesa kilikuwa kimya. Ukiondoa kitu lazima uweke kingine kinachofanya kazi ile ile, kwa wepesi ule ule, usiku ule ule. Kumwambia "soma kitabu" kusingefaa. Kitabu hakina sauti wala hakijazi macho ya mtu anayeogopa.

Lakini binamu na redio ni magongo mengine tu, ingawa hayamnyimi usingizi. Maumivu yenyewe yalihitaji mtu aliyesomea. Nilimpeleka kwa mhudumu wa afya ya akili mjini Lodwar, akawa anakwenda naye mjomba mara moja kwa wiki, gari likipatikana. Pale ndipo mipaka yangu ilipoishia, na niliona vyema kuikiri. Alifundishwa kukisimulia kisa kidogo kidogo mahali penye usalama, mpaka kiweze kukumbukwa bila kumrusha moyo.

Mambo hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Wiki mbili za kwanza alilala vizuri, tukashangilia mapema. Wiki ya tatu, alipoanza kuisimulia ile habari Lodwar, alirudi kucheza hadi saa 8, binamu akiwa anakoroma pembeni. Mjomba akataka kufungua sanduku tena. Nilimsihi asubiri, kwa kuwa ni kawaida hali kuchafuka pale jambo lililofichwa linapoguswa, na kwa kuwa daftari lilionyesha kitu ambacho saa hazikukionyesha: sasa alikuwa akimwamsha binamu yake na kusema naye kabla ya kushika simu. Wiki ya sita, usiku 5 kati ya 7 alikuwa amelala kabla ya saa 5.

Nisije nikamdanganya msomaji kwamba daftari hufungua kila mlango. Kazi za gemu huchanganyika. Huyu alikuwa na tatu, na kipande kilichoanza kwa raha huweza kugeuka kimbilio mwaka ujao. Mtoto mwerevu huweza kuandika anachojua unataka kusoma. Pia zipo hali ambazo wiki mbili za kuandika ni wiki mbili za kuchelewa: mtoto anayesema hataki kuishi au anayejiumiza, anayepiga watu akinyimwa simu, aliyeacha kula, anayekesha siku kwa siku bila kulala kabisa. Huyo apelekwe hospitali leo. Na ikiwa kilicho kwenye simu ni kamari, ile ya kubeti na ya ndege inayopaa, hilo ni jambo jingine lenye deni na wizi ndani yake, lisiitwe gemu kwa kuwa lachezwa kwa kidole. Uchunguzi wake una mlango wake. Vile vile wapo wachache ambao, ukishatafuta kila kazi na kujaribu kila badala, gemu imeshajitegemea, inachezwa hata pale isipotuliza wala kufurahisha. Hao ndio ile nambari 6C51 iliyoandikwa kwa ajili yao.

Saa nazo si bure. Zinakwambia ukubwa wa hasara, hasa ya usingizi. Hazikwambii sababu, wala hazikwambii ushike kipande gani. Sisi tungalizikata zile 6 kwa nusu bila kujua, huenda tungalikata alasiri na Likoni, tukamwachia zile 3 za usiku.

Mama alipiga simu mwisho wa mwezi wa pili. Nilimweleza yote ambayo mwanawe aliniruhusu nimweleze; mengine mtoto alimwambia mwenyewe, kwa simu ile ile, na walilia wote wawili. Kisha, akiwa mama, akauliza: "Sasa yuko saa ngapi kwa siku?"

Nikamwambia 3 na nusu hivi.

"Bado ni nyingi, kaka."

Nikamwomba amuulize mjomba anaamkaje asubuhi. Mjomba alimsomea kutoka kwenye daftari, ukurasa wa jana yake: Likoni, hadi saa 4. Redio. Amelala saa 4:40. Asubuhi simu imekutwa juu ya meza, chaji asilimia 61.